Kabla Hujapiga Mfumo, Iulize Prosesa

Mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu, aliniletea laptopu mbili ndogo ndani ya mfuko mmoja. Ni zile za inchi kumi zilizovuma kati ya 2008 na 2011, ambazo ukifunga kifuniko unaweza kudhani ni daftari kubwa. Zote nyeusi, zote zina ram ya GB 1, na zote zina stika ya Intel Atom pale unapolaza kiganja. Alikuwa ametengeneza flashi moja ya Debian 13. Kwenye laptopu ya kwanza ilikubali bila ubishi. Kwenye ya pili ilitoa mistari miwili ya maandishi meupe juu ya giza, kisha kimya:

```
This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU.
Unable to boot - please use a kernel appropriate for your CPU.
```

“Fundi wa kule stendi kaniambia bodi imekufa,” akasema. “Kaka, niitupe?”

Bodi haikuwa na tatizo lolote. Ujumbe ule ni wa kiungwana kuliko jumbe nyingi za kompyuta, maana unataja ugonjwa kwa jina lake. Unasema kwamba keneli iliyomo kwenye flashi imetengenezwa kwa prosesa ya biti 64, na prosesa iliyoikuta humo ni ya biti 32. Mwalimu alikuwa na funguo sahihi, ila mlango ulikuwa wa nyumba nyingine. Nilipochunguza, laptopu iliyokubali ilikuwa na Atom N450, ya mwaka 2010. Iliyogoma ilikuwa na Atom N270, ya mwaka 2008. Umbo ni moja na kasi imekaribiana mno, GHz 1.66 kwa 1.6, lakini kwenye jambo hili moja ni mashine za vizazi viwili tofauti.

Tofauti yenyewe ni hii. Kila kitu kilichomo kwenye ram kina anwani yake, kama viwanja vilivyopimwa na kupewa namba. Prosesa ya biti 32 huandika anwani kwa baiti 4, na kwa baiti 4 huwezi kupata namba zaidi ya 4,294,967,296. Hiyo ndiyo GB 4 inayotajwa kila siku. Tena si zote zinazobaki kwa ajili ya ram, kwa sababu kadi ya picha na vifaa vingine navyo vinadai namba zao humo humo. Ndiyo maana mtu aliyeweka GB 4 kwenye Windows ya biti 32 huona GB 3 na ushee, akarudi dukani kwa hasira akidai kauziwa ram feki. Prosesa ya biti 64 huandika anwani kwa baiti 8, na hapo viwanja haviishi leo wala kesho.

Kutokana na hesabu hiyo ulizaliwa ushauri ambao mafundi wengi bado wanautembeza: mashine ikiwa na ram chini ya GB 4, ipige biti 32, kwa kuwa biti 64 haitaisaidia kitu na itakula ram zaidi. Mwaka 2010 ushauri huo ulikuwa na mashiko. Leo umepitwa na wakati, na kwa maoni yangu umeharibu mashine nyingi kuliko vumbi. Laptopu ya mwalimu yenye N450 haiwezi kubeba zaidi ya GB 2 za ram hata ukiilazimisha, kwa hiyo kwa kipimo cha anwani peke yake haina haja ya biti 64. Hata hivyo niliipiga biti 64. Sababu haiko ndani ya mashine, iko kwa wanaotengeneza mifumo.

Waliotengeneza mifumo wameihama biti 32 mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyerudi. Google iliacha kutoa Chrome ya biti 32 kwa Linux mwaka 2016. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 haikuwa na toleo la biti 32 kabisa. Debian ndiyo iliyokuwa kimbilio la wenye mashine kuukuu, lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala keneli ya biti 32 kwa kompyuta hizi. Ya mwisho kuwa navyo ni Debian 12. Miezi michache baadaye Firefox nayo ikafuata: toleo la 144 ndilo la mwisho kwa Linux ya biti 32. Ukiipiga biti 32 mashine inayoweza biti 64, umeipandisha mwenyewe kwenye basi ambalo kondakta ameshatangaza kituo cha mwisho. Na kushuka katikati ya safari si rahisi. Kuihamisha Debian ya biti 32 kuwa ya biti 64 ikiwa hai kunawezekana kwa mtu mwenye ujuzi na roho ngumu, lakini kwa sisi wengine maana yake ni kunakili mafaili pembeni, kufuta diski na kuanza moja.

Kwa hiyo swali la kwanza si “ram ni kiasi gani?” Swali la kwanza ni “prosesa hii inaweza nini?” Na hapo ndipo watu wengi wanapotegwa.

Mtego wa kwanza ni majina ya mafaili ya kupakua. Kwenye orodha ya Debian utakuta jina kama `debian-13.1.0-amd64-netinst.iso`, na kando yake, kwa matoleo ya zamani, `debian-12.12.0-i386-netinst.iso`. Mwenye prosesa ya Intel akiona neno amd64 anasema hiyo si yangu, yangu ni hiyo yenye herufi i. Amekosea. AMD ndiyo iliyotangulia kuleta biti 64 za aina hii mwaka 2003, Intel ikafuata mwaka 2004 kwa kuiga mpango uleule, na jina la aliyetangulia likabaki kama alama. Faili la amd64 ni la prosesa zote za biti 64 za kompyuta hizi, ziwe za AMD au za Intel. Na i386, jina la prosesa ya Intel ya mwaka 1985, linamaanisha biti 32 tu, japo hiyo prosesa ya 1985 yenyewe Debian iliiacha zamani sana.

Mtego wa pili ni kuuliza mfumo badala ya kuiuliza prosesa. Mtu anafungua terminali, anaandika `uname -m`, anapata jibu `i686`, anahitimisha kwamba mashine ni ya biti 32. Amri hiyo haisemi habari za prosesa. Inasema keneli inayoendesha sasa ni ya aina gani. Ukiwa na prosesa ya biti 64 iliyopigwa mfumo wa biti 32, jibu litakuwa hilohilo `i686`. Nimeona Core 2 Duo nzima, yenye nguvu zake, imeishi miaka kwa hukumu hii, kwa sababu aliyeiuza mara ya kwanza aliipiga Windows ya biti 32 na kila aliyefuata akaamini alichokikuta.

Amri ya kuuliza prosesa yenyewe ni hii:

```
lscpu
```

Kati ya mistari itakayotoka, tafuta ule ulioandikwa `CPU op-mode(s)`. Ukikuta `32-bit, 64-bit`, prosesa inaweza yote mawili, hata kama mfumo ulio juu yake ni wa biti 32. Ukikuta `32-bit` peke yake, kesi imekwisha. Kama mashine haina mfumo wowote, iamshe kwa flashi ya Linux ya biti 32 inayoendeshwa bila kusakinisha. AntiX ni nyepesi na inatosha kwa kazi hiyo. Na mwenye Windows 10 afungue Settings, kisha System, kisha About, asome mstari wa System type hadi mwisho. Maneno `32-bit operating system, x64-based processor` yana habari mbili tofauti: mfumo ni wa biti 32, prosesa ni ya biti 64. Wengi husoma nusu ya kwanza wakaishia hapo.

Kuna wanaopenda njia ya alama. Kila prosesa inayoweza biti 64 hubeba alama ya herufi mbili, `lm`, kwenye faili la `/proc/cpuinfo`. Njia hii ni nzuri, ila iandikwe hivi hasa:

```
grep -cw lm /proc/cpuinfo
```

Ile w haipo kwa ajili ya pambo. Inaiambia amri itafute neno zima, si kipande cha neno. Ukiisahau, amri itakamata pia alama nyingine iitwayo `lahf_lm`, ambayo haihusiani na habari hii, na ambayo N270 ya mwalimu inayo. Bila w, mashine ile ya biti 32 ilinijibu 2, kana kwamba ina uwezo wa biti 64. Nilipoiweka w ikajibu 0, ambalo ndilo jibu la kweli.

Je, jina la stika haliwezi kutosha? Mara nyingine linatosha, mara nyingine linakuzungusha. Core Duo ya mwaka 2006 ni biti 32 tu, na Core 2 Duo iliyoifuata mwaka huohuo ni biti 64. Hiyo 2 ya katikati ndiyo kila kitu, na muuzaji wa laptopu za mtumba huiruka anaposoma stika, si kwa ubaya, ni kwa sababu haimwambii kitu. Halafu kuna Pentium Dual-Core, ambako jina halikusaidii hata kidogo: T2080 ni biti 32, T2330 ni biti 64, na stika zao zinafanana. Stika ya Atom ndiyo kabisa, haitaji hata namba. Ndiyo maana nasisitiza mashine iamshwe na iulizwe.

Na kama yote hayo yanakuchosha, ipo njia ya mkato isiyo na hatari. Chomeka flashi ya biti 64 ujaribu. Prosesa ya biti 32 itakataa kwa ujumbe ule nilioutaja mwanzo, na haitaungua wala kupoteza faili lolote kwenye diski. Kukataa kwake ni jibu.

Ila kuna mashine ambayo haitatoa ujumbe wowote. Unachomeka flashi, unafungua orodha ya kuwashia, na flashi haionekani kabisa, kana kwamba haipo. Hii huwapata sana wenye tableti na laptopu ndogo za kuanzia 2014 zenye Atom Z3735F na ram ya GB 2. Prosesa ni ya biti 64 bila shaka, lakini UEFI, ile programu ya kwenye bodi inayoamka kwanza unapobonyeza swichi, ni ya biti 32, na inatafuta kianzishi cha biti 32 ndani ya flashi. Ikikikosa, haioni kitu. Baadhi ya kompyuta za Mac za Core 2 Duo za 2006 na 2007 zina kasoro hiyohiyo. Dawa yake si kurudi kwenye mfumo wa biti 32. Fungua flashi kwenye kompyuta nyingine, ingia folda ya `EFI/boot`, uangalie kama kuna faili liitwalo `bootia32.efi`. Likiwepo, flashi hiyo inaweza kuamka kwenye mashine ya namna hii na bado ikasakinisha mfumo wa biti 64. Lisipokuwepo, tafuta toleo la Linux lililonalo. Mashine zenye BIOS ya kizamani, zikiwemo mbili za mwalimu, hazina tatizo hili.

Tumrudie sasa yule anayesema biti 64 inakula ram. Hasemi uongo. Anwani ya baiti 8 inachukua nafasi mara mbili ya anwani ya baiti 4, na programu yoyote imejaa anwani zinazoelekezana huku na kule. Lakini kinachoongezeka ni anwani, si mali iliyopo kwenye kiwanja. Picha uliyofungua, herufi za barua, wimbo unaosikiliza, vyote vinabaki na ukubwa wao. Kwa hiyo matumizi yanapanda, ila hayawi mara mbili. Na kwa upande mwingine prosesa ikiwa kwenye hali ya biti 64 hupata vishikio 16 vya kufanyia hesabu badala ya 8, kwa hiyo kazi nyingine huenda haraka zaidi.

Kwa mwenye GB 2 sioni cha kujadili: aende biti 64. Kwa mwenye GB 1 kama mwalimu, ni biti 64 pia, lakini abane kwingine. Mwongozo wa Debian wenyewe unaitaja GB 1 kama kiwango cha chini kwa mtu anayetaka desktopu, na GB 2 kama kiwango wanachokipendekeza. Kisakinishi kinapofika kwenye ukurasa wa kuchagua desktopu, ondoa alama ya GNOME uweke kwenye LXQt au LXDE. Uamuzi huo mmoja unaokoa ram kuliko kurudi biti 32. Kisha sakinisha `zram-tools`, ambayo hutenga sehemu ya ram na kuibana data iliyomo ili iingie nyingi zaidi, kabla mashine haijaanza kukimbilia diski, na diski za laptopu hizi ni konokono. Baada ya hapo kinachobaki kula ram ni brauza. Kurasa mbili zitafunguka, ya tatu itakuja kwa kusuasua, na hilo litatokea kwenye biti 32 vilevile.

Nikiulizwa ni lini ningeiweka biti 32 kwenye prosesa inayoweza 64, ninayo mazingira mawili tu. La kwanza ni mashine ya MB 512 isiyoongezeka ram, isiyoingia mtandaoni, inayofanya kazi moja kama kuchapa barua. La pili ni mashine inayoshikilia kifaa fulani cha zamani chenye programu yake ya Windows ya biti 32, mathalani mashine ya kukata stika au ya kupima kitu maabara, ambayo dereva wake hajawahi kutengenezewa biti 64. Hizo ziache zilivyo, na uzikate mtandao.

Neno la tahadhari kwa waliopata jibu la furaha la biti 64: siku hizi biti 64 zenyewe zina ngazi. Red Hat Enterprise Linux 9 na ndugu zake hazikubali ngazi ya kwanza. Zinataka maelekezo ambayo Core 2 Duo na N450 hazina. Dalili yake ni mstari `Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2`. Hapo mashine haina kosa, umechagua mfumo uliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Debian 13 ya amd64 bado inakubali ngazi ya chini kabisa, na ndiyo sababu ninaitaja mara kwa mara.

N450 ya mwalimu sasa ina Debian 13 ya biti 64, LXQt, zram, na ram niliyoibadilisha kuwa GB 2 kwa kipande nilichokitoa kwenye laptopu mbovu. Anaandalia mitihani. Ile N270 haikuwa na uchaguzi, prosesa ndiyo iliyoamua. Niliipiga Debian 12 ya i386, nikamweleza mwalimu kwamba asikubali kamwe kuipandisha kwenda 13, maana kwa mashine kama yake huko hakuna keneli, na kwamba barua pepe na mambo ya benki ayafanyie kwenye ile nyingine. Watoto wa shule wanaitumia kujifunza kuchapa.

Chini yake nimebandika kipande cha plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu ya wino: “Biti 32. Debian 12. Mwisho Juni 2028.”